Mwenye Uso Aulizwe

Benedicta alikulia Ilula, kwenye meza ambayo mama yake aliuzia nyanya kando ya barabara kuu, na huko ndiko alikojifunza kugeuza upande mzuri wa nyanya umtazame msafiri. Leo ana studio yake Ilomba, Mbeya, na kazi ni ileile, ila sasa anageuza nyuso. Chunusi hufuta, jasho hufuta, na kuna bwana harusi aliyewahi kufutiwa hata punje ya wali kidevuni. Mteja akiondoka hajijui, lakini anajipenda.

Kanuni alipewa na Zabron, fundi aliyemfundisha kazi mjini Iringa: "Kitakachopona wiki ijayo, futa. Kilichohamia kabisa, muulize mwenyewe." Benedicta aliishika, na kwa kovu la Mzee Asukile aliuliza kweli. Tatizo ni alimuuliza nani.

Mzee Asukile na mkewe, Bibi Bertha, walipigwa picha kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao. Ingechapwa kubwa na kusimamishwa mbele ya kanisa Jumapili. Mzee ana kovu refu juu ya jicho la kushoto. Alipotoka nje kuongea na simu, kwa sauti ya kusikika mpaka Igawa, Benedicta alimgeukia bibi. "Bibi, hili kovu la babu tulifanyeje?"

"Litoe, mwanangu. Mwenyewe halipendi."

Benedicta akalitoa, tena kwa ufundi wa kujisifia. Alinakili ngozi safi iliyo kando ya kovu, akarudishia mikunjo ya uzee ili paji lisiwe kama sahani. Bahati yake, alifanya yote kwenye leya, yaani tabaka, ya peke yake, picha halisi ikabaki chini bila kuguswa.

Ijumaa wazee wakaja kuiona kwenye kompyuta kabla haijachapwa. Mzee Asukile alivaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akajipapasa paji.

"Hongera, Benedicta. Umempiga picha vizuri mdogo wangu Lugano. Sasa mimi niko wapi?"

Benedicta alicheka peke yake. Mzee hakucheka. Bibi Bertha alikuwa anahangaika na pindo la kitenge.

"Babu, si hulipendi?"

"Nani kasema?"

Bibi akaliachia pindo. Kisha akasema, "Mimi." Na kama maziwa yaliyochemka, yakamwagika. "Kila sherehe wakikuuliza kovu, unasema nilikupiga mwiko kwa sababu ulisifia ugali wa jirani. Mwaka juzi ulikuwa mwiko, mwaka jana mchi. Wanacheka, na mimi ninacheka nao. Jumapili kanisa zima litalitazama limekuzwa hivyo, na mimi nimekaa pembeni yake. Nimechoka, baba Yudith."

Mzee alivua miwani. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, nawe unacheka?"

Benedicta aliona kosa lake waziwazi, nalo lilimuuma. Alikuwa amemuuliza aliye karibu, akamwacha mwenye uso. Akamvutia mzee kiti mbele ya kioo cha kompyuta. "Babu, samahani. Wewe ndiye niliyepaswa kukuuliza, tena kabla ya kupiga picha." Akabofya kialama cha jicho pembeni ya leya, kovu likarudi. Akabofya tena; likapotea. "Naweza pia kulififisha, lionekane kwa mbali. Uso ni wako. Useme wewe."

Mzee alilitazama kovu likija na kwenda.

"Lirudishe lote," alisema. Bibi akainamisha kichwa. "Subiri, mama. Huyu binti hajui. Nilikuwa napasua kuni, kibanzi kikaruka. Bertha alichana kitenge chake cha harusi akanifunga kichwa, akanipakia kwenye baiskeli, akanisukuma mlima mzima mpaka zahanati. Hakuwa amewahi kushika baiskeli. Tulianguka mara ngapi?"

"Uliangushwa na uzito wako," bibi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi. Kovu libaki. Kitakachofutwa ni uongo wangu."

Jumapili picha ilisimama mbele ya kanisa, kovu na vyote. Baada ya ibada mgeni mmoja akauliza, kama wanavyouliza siku zote, nao waliozoea wakajiandaa kucheka mwiko. Mzee Asukile akaeleza kuni, kitenge, baiskeli na mlima. Hakuna aliyecheka. Wanawake walimzunguka Bibi Bertha, mmoja akamshika mkono.

"Na njia nzima alikuwa analia," mzee akaongeza, maana mazoea yana taabu.

"Sikulia mimi!" bibi akasema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Siku hizi mteja akikaa kwenye kiti cha Benedicta, mlango hufungwa kwanza na waliomsindikiza husubiri nje. Hataji kovu wala baka. Huuliza kwa upole: "Kuna kitu usoni ungependa nikiache, nikipunguze, au nikitoe?" Kisha husubiri jibu, hata likichelewa.