Maneno Mawili Juu ya Sufuria

Watazamaji wa chaneli ile ya mapishi mtandaoni walimjua mpishi wake kwa jina la Bibi Mnofu. Mkamwana wake, aliyekaa nyuma ya kamera, hawakumjua kabisa, ingawa kila neno lililowavuta kubonyeza lilikuwa lake. Kichwa cha video alikifanya kifupi, neno kuu likitangulia. Mistari ya kwanza ya maelezo aliipima sana, maana inayofuata hufichika mpaka mtu aifungue. Picha ya jalada aliiandika maneno machache, manene, mbali na kona ya chini kulia ambako muda wa video ungeyaziba.

Kampuni moja ikawapa sufuria ya presha waitangaze. Wakati wa kurekodi, maharage yakingali motoni, Bibi aligusa mpini tu. Kifuniko, ambacho hakikupaswa kufunguka kabla presha haijaisha, kikafyatuka. Mvuke ukamchoma mkono hadi kwenye kiwiko.

"Kata hicho kipande, mwanangu," alisema walipotoka zahanati, mkono umefungwa bendeji. "Watu hawaji kuniangalia nikilia."

"Lakini mama, kile kifuniko ni kibovu."

"Haraka zangu tu. Tangu baba yenu atutoke, nani mwingine amenitaka kwa kazi?"

Mkamwana akakikata kipande. Mtu wa matangazo wa kampuni alishatuma anachotaka. Kichwa: "Sufuria ya Presha Salama kwa Familia Yako." Juu ya picha: "SALAMA KABISA." Mkamwana akaandika vivyo hivyo. Kwenye maelezo akataja kwamba ni tangazo la kulipiwa, akaweka kiungo cha kununulia, akapandisha video.

Maoni yakamiminika, mengi ya kusifia. Kisha mwanamke mmoja akaandika: "Asante Bibi. Nimekuamini, nimemnunulia binti yangu. Ana mtoto anayetambaa, haachi kumfuata jikoni."

Mkamwana alimpelekea mama mkwe simu. Bibi alisoma, akarudia kusoma.

"Mjibu asiitumie," alisema hatimaye. "Mwambie sasa hivi. Halafu itoe hiyo video."

"Kampuni itatuacha, mama."

"Nimesikia."

Mkamwana akamjibu yule mwanamke, kisha wakaiondoa, wakapandisha nyingine yenye kile kipande walichokata. Safari hii kichwa kilisema: "Sufuria ya Presha Ilivyoniunguza Mkono." Juu ya picha, kando ya bendeji: "KIFUNIKO KILIFYATUKA." Mstari wa kwanza wa maelezo uliwaomba radhi walionunua na kuwaambia waache kuitumia.

Mtu wa matangazo akapiga simu, akafoka, akavunja mkataba. Baadhi ya watazamaji nao wakawaita waongo, na hawakuwa na cha kujitetea. Bibi akawa hataki hata kufunga aproni.

Yule mwanamke hakujibu. Mkamwana alifungua maoni ya video mpya kila alipopata nafasi, akamwandikia tena kwa kulitaja jina la akaunti yake, akangoja.