Kidadisi na Fani Nne za Uhandisi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunamwita Kidadisi, na jina halijamwonea. Alipomaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi, chuo kilimtaka achague fani kabla ya Ijumaa: ujenzi, umeme, mitambo au kemikali. Ukishachagua, kurudi nyuma ni shughuli. Baba yake alitaka ujenzi. Mimi ni mhandisi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni, na sikuona cha kujadili. Kila kiwanda kina mashine, na kila mashine huharibika. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini ngoma yangu ndiyo nzuri.

Yeye akaamua kuwazungukia wenye kazi zao na swali moja: jana ulifanya nini?

Mhandisi wa ujenzi alimpokea penye daraja linalojengwa. Jana yake alikuwa amekagua nafasi za nondo kabla zege halijamwagwa, akabishana na mkandarasi hadi kazi ikarudiwa. Ajira ni nyingi miradi ikiwepo, alisema, ila daraja likiisha unafungasha na kutafuta jingine. Mhandisi wa kemikali, mama mmoja wa kiwandani kwetu, hakuwa mtu wa vichupa vya maabara kama binti alivyodhani. Alishinda akifuatilia joto na vipimo kwenye matangi, ajue kwa nini sabuni inatoka laini. Viwanda vya namna hiyo ni vichache, akakiri, ingawa na wanaosomea si wengi.

Mimi nilimsimulia beringi ya pampu niliyobadilisha. Nikatia chumvi kidogo, na zile saa za kufukuzia vipuri kwa simu nikazimeza.

Alhamisi jioni akaja kwangu.

"Mjomba, nachukua umeme."

Iliniuma, sifichi. Nikamuuliza wamempa nini hao watu wa nyaya. Akanieleza kuwa mhandisi wa umeme aliyemtembelea alikuwa akipiga hesabu ya umeme unaotumiwa na hospitali, ili apange sola na betri za kutosha, chumba cha upasuaji kisizimikiwe.

"Nyinyi wengine niliwauliza habari za ajira hata hamjamaliza kusimulia," akasema. "Kwake nilisahau kabisa. Ikabidi nirudi kesho yake."

"Na zipo?"

"Zipo. Mitambo ya kufua umeme, kampuni za simu, sola, viwanda. Ila wanaosomea ni wengi, itabidi nikaze buti."

Mtu aliyesahau kuuliza habari za ajira utamshawishi kwa beringi?

"Haya," nikasema, "ukija kiwandani kwetu, unikatie umeme kabla sijaingiza mkono kwenye mashine."

"Nitaukata, Mjomba," akasema. "Swichi utaipiga kufuli lako mwenyewe, na ufunguo ubaki mfukoni mwako, asije mtu akaiwasha mkono wako ukiwa ndani. Hata mimi usinipe."

Ndivyo inavyotakiwa, na wapo wahandisi wakongwe ambao bado hawajalijua hilo. Nikamwambia aende akajaze fomu.