Jina la Marehemu Kwenye Hati

Mama mkwe wangu nilimpenda, lakini kuna miaka mitatu ambayo nilimchukia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nampikia, namchotea maji ya kuoga, namwamkia shikamoo kila asubuhi, na moyoni nasema, bibi wewe, utatumaliza.

Mume wangu alikuwa mtu wa nta. Tabora yetu ya enzi za Mwingereza ilikuwa mji wa nta na asali, na ukipita uani kwetu wakati wa msimu unanusa moshi na utamu pamoja mpaka kichwa kinauma. Alinunua masega kwa warina asali waliotoka porini, akayachemsha kwenye pipa, akayakamua kwa gunia, mimi nimeshika upande huu yeye upande ule, tunasokota mpaka viganja vinaungua. Nta ikishaganda kwenye karai tunampelekea tajiri mwenye lori, naye anatupa bei anayotaka yeye. Tungefanya nini? Hatukuwa na banda la maana wala mtambo wa kukamulia. Na msimu ulipoanza hatukuwa na fedha ya kuwatangulizia warina asali. Tajiri aliwatangulizia chumvi na kaniki, basi nta nzuri yote ikawa yake kabla haijatoka mzingani.

Siku moja mume wangu akasikia kwamba serikali inawakopesha Waafrika wenye kazi zao. Akaenda bomani amevaa kanzu ya Idi, na hati ya nyumba amebeba kwapani. Nilikwenda naye, maana nilijua akiulizwa neno gumu atanyamaza.

Karani aliifungua ile hati, akaisoma, akaigeuza. "Hii mmeitoa wapi? Hati ya Mjerumani, tena imesajiliwa upya kwa Mwingereza! Watu wengi hapa mjini wana kibali cha mwaka mmoja mmoja tu, nyumba yao, ardhi si yao. Ninyi mna mali."

Mume wangu akacheka kama mtoto. Karani akaweka kidole juu ya jina. "Huyu ni wewe?"

"Ni marehemu baba."

"Basi nikikukopesha, ukashindwa kulipa, nimshike nani? Marehemu?"

Yule karani hakuwa mtu mbaya, alitueleza taratibu. Alisema serikali haikopeshi kwa kumtazama mtu sura, inataka kitu cha kushika, na nyumba yenye hati inashikika: unaiweka rehani, rehani inaandikwa kwenye daftari la ardhi, ukilipa inafutwa, hati inarudi kwako safi. Lakini mwenye kuweka rehani ni yule aliyeandikwa, na aliyeandikwa kwetu yuko kaburini. Twende kwa liwali, warithi wakubaliane, ateuliwe msimamizi wa mirathi, jina libadilishwe kule Dar es Salaam, ndipo turudi. "Hata mtu mwenye shamba kule Kwihara," akasema, "analima na wajukuu zake watalima, lakini hana karatasi ya kuniwekea mezani. Ninyi mnayo. Msiilaze."

Warithi walikuwa wawili tu, mume wangu na mama yake. Tukarudi nyumbani mbio mbio. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Mume wangu akamweleza yote, akamaliza kwa kusema, "Mama, ni dole gumba tu."

Akauliza, "Na jina la baba yako?"

"Litatoka, litaandikwa langu."

Akaweka ungo chini. "Dole sitii."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Jioni ndipo aliponieleza, mimi na yeye tu jikoni. "Mwanangu, mume wangu aliingia mji huu na msafara, ni mali ya mtu. Alinunuliwa kwa vitambaa. Alipopata uhuru wake akajenga, na Mjerumani akamwandikia kwamba huyu ndiye mwenye kiwanja. Karatasi ile ndiyo iliyosema kwamba yeye naye ana mali. Leo mnaniambia nimfute?"

Haki ya Mungu, nililia. Lakini machozi hayaezeki banda, na kesho yake nikaanza kumnunia.

Mume wangu hakumlazimisha. Angeweza kumshitaki kwa liwali, watu walimwambia hivyo, akasema, "Radhi ya mama siiuzi." Mimi nikamjibu kwamba radhi haitiwi chunguni, nikajutia neno hilo kabla halijafika mwisho. Jirani yetu, mwenye duka, hati ilikuwa kwa jina lake mwenyewe. Akakopa, akajenga ghala, akalipa, akakopa tena, akanunua lori kuukuu. Tuliishi ukuta kwa ukuta, nyumba yetu kubwa kuliko yake, na sisi tunasokota magunia.

Kwa kuwa nta haikutufikia mjini, mume wangu akaifuata. Alipanda baiskeli mpaka misitu ya Usinge, akalala huko na warina asali wiki nzima, anarudi na mizigo miwili ya masega na mwili wote alama za mbung'o. Akaenda tena na tena. Msimu wa tatu akarudi na homa, na uvimbe shingoni. Halafu akawa anasinzia mchana huku ameshika kijiko. Neno malale hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya mama yake.

Alilitamka mama mwenyewe. Asubuhi moja alimwona mwanawe amelala amekaa, pipa linatokota na kumwagika pembeni yake. Akavaa kaniki yake, akaniambia, "Nipeleke kwa liwali." Akatia dole gumba bila kuuliza kitu. Karatasi zikaenda Dar es Salaam, nasi tukampeleka mgonjwa hospitali. Hati iliporudi ilikuwa na jina lake, limepigwa taipu vizuri. Nikampelekea kitandani. Nikamwambia, soma, bwana, ni wewe. Alinitazama akaniuliza kama masega yamefika. Alizikwa Ijumaa ya wiki ile ile.

Nilipotoka eda tukaitwa tena kwa liwali, mimi na mama mkwe. Sasa marehemu alikuwa mwingine. Karani wa baraza akasoma mafungu: mama wa marehemu sudusi, yaani moja ya sita, mke thumuni, moja ya nane, watoto kilichobaki. Akasema mjane anaweza kuwa msimamizi, jina lake liingie badala ya marehemu, kisha akitaka aende kwa watu wa mikopo, maana sasa njia wameshaijua.

Akamuuliza mama mkwe, "Unakubali, bibi?"

"Nakubali. Na fungu langu wape watoto."

Karani akanisogezea kisahani cha wino. Nikalitazama lile jina la mume wangu. Miezi mingapi lilikaa juu ya karatasi ile? Hakulisoma hata mara moja akalijua. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu miaka mitatu kwa jambo hili hili, na watoto wangu walikuwa nyumbani wanangoja kula, na mtambo nilikuwa nauhitaji kuliko mtu yeyote Tabora nzima. Mkono ukakataa. Nikasema, "Bwana, haiwezekani likabaki na langu likaandikwa chini yake?"

Akasema haiwezekani.

Mama mkwe alinishika kiganja, akakunja vidole vingine vyote, akakichovya kidole gumba changu kwenye wino, akakikandamiza juu ya karatasi kwa mkono wake.