Kiitikio cha Bado

Katika ngoma za kijiji cha Mpapura kuna mtu mmoja ambaye wimbo ukifika mahali pa kuitikia hafungui kinywa. Wengine wote huitikia. Yeye hutazama mikono yake, na wanaomjua huacha nafasi yake ikae hivyo hivyo, kama pengo la jino lililozoeleka.

Jina lake ni Bakari. Miaka ile reli ya Kusini ilipokuwa mpya, alipanga chumba Magomeni, mjini Mtwara, na kazi yake kwenye garimoshi ilikuwa kulisha moto. Alitaka kuwa dereva. Ili upate cheti cha udereva ulisimama mbele ya mkaguzi, naye akakuuliza kwa Kiingereza: maji yakipotea kwenye kioo cha kupimia maji ya boila, utafanya nini? Bakari alijua. Mikono yake ilijua: usiongeze maji ya baridi kwenye chuma kilichokauka, toa moto kwanza, ama boila ipasuke. Lakini Kiingereza kilimpotea, na mkaguzi hakuipima mikono.

Aliposhindwa mara ya pili, Zuhura akamtungia wimbo. Zuhura alikuwa manju, mwongozaji wa ngoma, tena mtoto wa mjomba wake. Mabinamu ni watani, na neno la mtani halikasirikiwi. Ukikasirika umeaibika mara mbili. Basi Bakari alisimama pale uani, akicheka kwa meno, watu wakimwimbia:

*Cheti kimekuja?*
*Bado!*
*Mtambo kaushika?*
*Bado!*

Wimbo ulikuwa mtamu, na utamu huo ndio uliomfunga. Wanawake waliuimba wakitwanga, watoto wakamkimbilia nao kando ya reli. Mkewe Mwajuma akienda kisimani, huulizwa habari za nyumbani, na kabla hajajibu mtu mwingine humjibia, "Bado." Bakari alishindwa tena, akasoma tena. Alisoma karibu na ukuta wa udongo, na ng'ambo ya ukuta mtu aliuimba bila hata kumfikiria.

Mwaka uliofuata alifaulu.

Hakurudi nyumbani akikimbia. Alipita kwa Zuhura, akamkuta anapasha ngoma motoni ili ngozi ikaze.

"Nimepata, Zuhura. Uliutunga, sasa utangue."

"Haya, dereva." Alimtazama, utani ukamtoka usoni. "Wimbo si kanga, binamu, niuvue. Wito ni wangu. Kiitikio ni chao, na walichodaka hawakirudishi."

Hata hivyo alijaribu. Alimpimia wimbo wa harusi, akauacha: ule humwimba mtu anayetolewa na wenziwe, na Bakari hakutolewa na mtu. Akapima wimbo wa kutoka jandoni. Ule una furaha yenye kovu ndani yake, ulikaribia. Ila jandoni vijana huingia kundi na kutoka kundi, na huyu aliteseka peke yake. Akatunga mpya, akaujaribu kwa majirani. Waliupokea kwa adabu, miguu haikusogea. Wimbo usiopata miguu hufa hapo hapo.

Mwisho akarudi kwa ule ule. Asipoweza kubadili jibu, atabadili swali. Na wito wa mwisho atauacha bila jibu: ngoma zitakatika, vinywa vifungwe, na kimya kile ndicho kitakachosema amefika. Akawafundisha watu wake, wakaelewa.

Siku ya karamu uani kwa Bakari palijaa. Zuhura akatupa:

*Moto umemchosha?*
*Bado!*
*Kushindwa kumemvunja?*
*Bado!*

Wimbo ukapata miguu. Neno lililomfunga sasa lilimsifu, na Mwajuma alipiga vigelegele hadi sauti ikapasuka. Bakari aliinua kichwa. Ngoma zikakatika. Zuhura akatupa la mwisho, polepole:

*Na leo, kafaulu?*

"Bado!" uani kote kukaitika, wakubwa kwa watoto, hata waliofundishwa.

Kisha wakajisikia. Zuhura alishika kinywa. Mwajuma alisimama, akitaka ardhi imfunike. Wote wakamgeukia Bakari, na Bakari alikuwa ametulia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa sawasawa.

"Usiuguse tena," alimwambia Zuhura baadaye. "Nilidhani cheti kitanitoa. Tangu nikipate naota kioo hakina maji, na sasa mwenye kuulizwa ni mimi peke yangu. Wameimba nilivyo."

"Utauitikia, basi?"

"Mwimbwaji haitikii."

Aliendesha garimoshi hadi reli ilipofungwa na kung'olewa. Zuhura amekwishafariki. Bakari yuko Mpapura, ana shamba la mikorosho na muhogo, na watu humwita Mzee Bado.