Barua Iliyotaja Jina la Mkwe

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. La, si hivyo. Sabini na mbili watu walikuwa bado wanabebwa na malori kupelekwa vijiji vipya, na Pelagia alikuwa hajazaa. Basi ni sabini na nne, mwaka ambao mahindi ya kule Kitanga yalikubali sana.

Pale Kasulu mjini palikuwa na fundi cherehani mmoja, Khatibu, mtu wa Pangani. Alikuja kushona mwezi mmoja akakaa miaka kumi. Cherehani yake ilikuwa barazani, na kwenye mtoto wa meza, pamoja na chaki na vifungo, aliweka karatasi za barua na bahasha. Asiyejua kuandika alikuja akasema, Khatibu akaandika. Kwa Kiswahili chake cha pwani barua ilitoka imenyooka kama suruali iliyopigwa pasi, naye alijisifu kwa hilo kidogo, si sana.

Pelagia alimjia siku ya gulio, mtoto mgongoni, na jirani yake Theodosia ubavuni. Mume wake, Venanti, alikuwa mkongeni Tanga. Mtoto ana miezi mitatu na hana jina. Kwao jina hutolewa na baba, na baba akiwa mbali hutolewa na babu mzaa baba, na babu mwenyewe wakati wa kuhamishwa alipangiwa kijiji cha upande wa Kibondo. Padri angebatiza baada ya wiki tano. Pelagia alitaka mzee aandikiwe, aje ampe mjukuu jina kabla ya siku hiyo.

Khatibu akalowesha ncha ya kalamu mdomoni. "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Pelagia akatazama chini. Khatibu akauliza tena, taratibu, akidhani hakusikia. Pelagia akamkaza mtoto mgongoni. Khatibu akajisemea kuwa binti wa watu ana haya, au amesahau. Theodosia ndiye aliyejibu, kwamba mzee anaitwa Ntirampeba, na Khatibu akaandika kama alivyoandika barua zote za maisha yake: Kwa Bwana Ntirampeba, mimi mkamwana wako Pelagia nakusalimu sana.

Kawaida yake alimsomea mwenye barua kabla ya kufunga. Siku hiyo mvua ilikuwa imeshafika mlimani, akina mama wana mwendo mrefu, akaifunga hivyo hivyo. Pelagia alidhani jina limeulizwa kwa ajili ya bahasha tu, ili barua isipotee njiani.

Majibu yalikuja na lori la mizigo baada ya siku kumi. Aliyeyaandika ni Makarius, katekista wa kule, ambaye barua za kijiji husomwa na yeye mbele ya watu baada ya ibada. Khatibu akamsomea Pelagia. Mzee alikuwa anauliza ni mkamwana gani huyo aliyefungua kinywa kanisani akamwita kama anavyoita mbuzi wake. Hatakuja. Mtoto apewe jina na huyo aliyemfundisha mama yake adabu.

Pelagia akakaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Akauliza, barua ilisemaje? Khatibu akamweleza. Ndipo mwanamke akaziba masikio, na kidogo kidogo akamwambia jambo ambalo kila mtu barazani alilijua isipokuwa fundi: kwao mke halitaji jina la baba mkwe. Halitaji hata akiulizwa na karani, hata akiwa mgonjwa. Na barua iliyoandikwa "mimi Pelagia" ikisomwa, wanaosikia wanamsikia Pelagia.

"Kumbe mdomo ulikuwa wangu," Khatibu akasema, "aibu nikakuvika wewe."

Akachukua karatasi nyingine. Kwao Pangani mzee huitwa kwa jina la mwanawe, na kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika Baba Venanti. Pelagia akaona mkono unakimbia.

"Fundi, unakisia tena," akasema. "Muulize mwenyewe."

Khatibu akaichana ile. Safari hii aliandika kwa jina lake, si la Pelagia. Alisema kwanza kwamba kosa ni la mwandishi, mkamwana hakulitaja jina wala hakujua limeandikwa. Hapo akaishia, hakurefusha maelezo. Kisha akauliza mambo matatu. Mzee anapenda mkamwana wake amwiteje ndani ya barua, na yeye Khatibu, mgeni aliye rika la wanawe, amwiteje? Na jina lake hutamkwaje, maana hataki kumpokea akiwa amelipinda. Juu, penye salamu, hakuweka jina wala cheo. Aliandika tu, Kwako mzee wangu, mpaka nitakapojua. Akaisoma yote kwa sauti, Pelagia akaitikia kwa kichwa, ndipo ikafungwa.

Walipokuwa wakingoja majibu, fundi alijizoeza lile jina huku anakanyaga cherehani. "Initirapemba," anasema. Pelagia, akiwa amekuja kuuza maharage, anatikisa kichwa. "Mtirampeba." Anatikisa tena, machozi ya kicheko yanamtoka, maana kumsahihisha hawezi bila kulitaja. Theodosia naye alimwacha fundi ahangaike makusudi.

Jibu likaja. Makarius aliandika kwamba mzee aliomba barua isomwe mara mbili. Tangu karani wa kuhamisha watu alipomwandika jina asilolijua, hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkamwana aandike Databukwe, yaani baba mkwe wangu, basi. Juu ya bahasha jina zima, hilo ni la njia. Fundi aseme Mutama Ntirampeba, kama vijana wanavyomwita mzee. Na kulitamka, asiweke irabu mbele. Aanzie ulimi kwenye meno, Nti, halafu ra, halafu mpe, halafu ba, asiruke hata moja. Chini kabisa palikuwa na swali la mzee mwenyewe: na wewe tukuiteje? Makarius anasoma Katibu, nami niliogopa, nikadhani ni katibu wa chama.

Khatibu aliweka karatasi chini. Miaka kumi Kasulu nzima ilimwita Katibu, naye aliitika. Alijibu kwamba ni Khatibu, sauti ya kwanza inakwaruza kooni kama mtu anayetoa mwiba wa samaki, ila asiyeweza asijiumize, ataitika.

Mzee alishuka kwenye lori siku nne kabla ya ubatizo, mkongojo mkononi, kofia kichwani.

"Karibu, Mutama Ntirampeba," Khatibu akasema, pole pole, kila kipande mahali pake.

Mzee akavua kofia. "Asante, Kh..." Akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa zaidi, mpaka Theodosia akamletea maji. "Jina lako lina vita," mzee akasema, na barazani pote wakacheka.

Mtoto akaitwa Niyonsaba. Mzee alilisema mara tatu, na kila aliyekuwepo akalirudia mpaka aliporidhika, fundi akiwa wa mwisho.

Siku ya gulio iliyofuata Khatibu alimuuliza Pelagia, kama alivyokuwa ameshazoea kumuuliza kila mtu, sasa amwiteje. Akajibiwa Mama Niyonsaba, ila kwenye barua za mume aandike Pelagia, Venanti anapenda kulisikia. Fundi akaandika hayo kwenye kijidaftari chake, kisha akainamisha kichwa na kushusha sauti.

"Mama Niyonsaba, ukiwa peke yako shambani, hakuna mtu, hakuna ndege, hujawahi kulitamka lile jina, japo mara moja?"

Pelagia akacheka, akafunga mtoto mgongoni, akaokota kikapu chake. Khatibu alimuuliza Theodosia, na baadaye wanawake wengine wengi, Kasulu na Kibondo. Wote walicheka. Hakuna hata mmoja aliyemjibu.