Kikao cha Ijumaa

Ijumaa moja mchana, katika hoteli ya Diani ninakotunza hifadhidata, mapokezi walinipigia simu: wageni wamejaa ukumbini na hakuna anayeweza kupewa chumba, kompyuta zimeganda. Nikafungua orodha ya kazi zinazoendelea. Iliyodumu kuliko zote ilikuwa ripoti ya mhasibu, na meneja, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Kata hiyo." Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ripoti inasoma tu, haimzuii mtu. Cha kutazama ni nani anamngoja nani.

Maombi yote ya mapokezi yalikuwa yanangoja kikao kimoja, yaani kazi ya mtu mmoja aliyeingia kwenye hifadhidata. Kikao hicho kilibadilisha bei za vyumba vyote, kikavishikilia mwingine asiviguse, kisha kikanyamaza bila kuthibitisha mabadiliko wala kuyaghairi. Kilikuwa cha mwenzangu wa meza ya pili, naye alikuwa msikitini, simu ameizima. Nikikikata, bei zake zote zitarudi za zamani. Lakini amri zake alikuwa amezihifadhi kwenye faili, ataziendesha tena. Nikakikata. Mapokezi wakaendelea na kazi papo hapo.

Aliporudi nilikuwa nikimngoja mlangoni. "Kwa nini uliondoka bila kuthibitisha?"

"Dada, sheria uliiweka mwenyewe," akasema kwa upole. "Bei haithibitishwi mpaka uitazame. Nilikuita, ukanipungia mkono, unaongea na simu."

Nikavuta kiti changu hadi mezani kwake, nikazitazama bei zake kwenye faili.