Daktari wa Pampu na Tangi la Mama Mkwe

Shule niliishia la nne, lakini kutoka Daraja Mbili mpaka juu kwenye migomba ya Meru, pampu ya maji ikikohoa wananiita mimi. Wakulima wenyewe ndio walionipa cheo: Daktari wa Pampu. Nilipoanza kurusha video za matengenezo mtandaoni, watazamaji walimiminika, na matangazo yakaanza kuniingizia hela.

Malipo ya kwanza nilishayapangia kazi: tangi la maji la mama mkwe, anayechota mferejini mpaka leo. Nilimwahidi litafika kabla ya kipaimara cha binti yetu, maana sherehe ilikuwa kwake. Niliahidi mbele ya wakwe wote, tena nimesimama.

Basi ukaja ujumbe kutoka mtandao wa video: malipo yamezuiwa, jina la kwenye wasifu wa malipo halilingani na kitambulisho. Mke wangu akachukua simu.

"Baba, huku umejiandika nani?"

"Ninavyojulikana."

Akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Daktari wa Pampu! Na kitambulisho cha taifa kinamjua huyu?"

"Meru nzima inamjua!"

"Meru haikulipi, baba. Nenda benki."

Benki nilikuta dada mmoja mpole. Akaangalia akaunti yangu, akaangalia kitambulisho.

"Shikamoo mzee. Akaunti iko sawa, ina majina yako matatu kama kitambulisho. Kwenye wasifu wa malipo weka hayo hayo matatu, cheo ukitoe. Halafu tuma tena picha ya kitambulisho, pembe zote nne zionekane."

"Sasa watazamaji watanijuaje?"

"Jina la chaneli halihusiki, libaki na udaktari wake. Huku ni kwa ajili ya kulipwa tu."

Nikabadilisha pale pale kwenye kiti chao. Baada ya siku chache jibu likaja: nimethibitishwa, kizuizi kimeondolewa, hela yangu iko salama yote. Ila italipwa kwenye mzunguko wa mwezi ujao. Na kipaimara kilikuwa Jumapili hiyo.

Mtauliza, si ningepeleka pampu? Pampu bila tangi itasukuma maji wapi? Jumapili ikafika, nikabeba ndoo. Mwanaume mzima, kutoka mferejini mpaka jikoni, wakwe wamekaa kwenye viti vya plastiki wananiangalia.

"Daktari," akauliza shemeji yangu, "leo hospitali imefungwa?"

"Niko zamu ya nje," nikamjibu, nikarudi mferejini. Na niwaambie, hakuna aliyejaza mapipa haraka kama mimi.

Mwezi uliofuata hela ikaingia, tangi likapanda mlima, nikalifunga na pampu yake kwa mikono yangu. Mama mkwe alikuwa hajawahi kunitaja jina tangu nioe. Kwake mimi ni baba tu. Siku ile alifungua bomba, akaweka kiganja kwenye maji, akanitaja majina yote matatu, taratibu, kama mchungaji anavyoita vijana wa kipaimara madhabahuni.

Nikaitika.